Nimeibwa au nimeibiwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vitenzi elekezi, shamirisho na kauli ya kutendwa

Nafundisha Kiswahili Kisumu, na kabla ya hapo nilikuwa Nakuru. Jumatatu moja asubuhi mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliingia darasani amechelewa, akasema, "Samahani mwalimu, nimeibwa." Wenzake wakaangua kicheko, naye akabaki kushangaa. Alikuwa amenyang'anywa simu kwenye steji ya matatu, na hakuona kichekesho chochote hapo. Nikamweleza kwamba aliyeibwa hawezi kuja shuleni, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyebebwa na mwizi. Maswali yaliyofuata siku hiyo ndiyo yaleyale ninayoulizwa kila muhula, na wazazi pia huniuliza wanaposaidia watoto kazi za nyumbani. Nimeyakusanya hapa.

## Mambo ya kuanzia

Kitenzi elekezi ni kipi hasa?

Ni kitenzi ambacho tendo lake haliishii kwa mtendaji. Linatoka kwake likaenda kumgusa mtu mwingine au kitu kingine. Ukisema "Wafula alikata" ukanyamaza, anayekusikiliza atasubiri: alikata nini? Miwa? Kuni? Kidole chake? Hicho kinachosubiriwa ndicho shamirisho.

Sasa sema "Wafula alichoka". Hakuna atakayeuliza alichoka nini. Uchovu umeanza kwa Wafula na umekomea kwa Wafula. Hicho ni kitenzi si elekezi, na wenzake ni anguka, kauka, simama, chemka, nyesha na wengi wengine. Ukifungua kamusi kubwa za Kiswahili utaona alama ndogo kando ya kitenzi: [ele] kwa elekezi na [sie] kwa si elekezi. Wanafunzi wengi huiruka alama hiyo kama vile ni uchafu wa karatasi.

Shamirisho na yambwa ni kitu kimoja?

Kwa matumizi ya darasani, ndiyo. Wapo wanaotenganisha: kwao yambwa ni yule au kile kinachofikiwa na tendo, na shamirisho ni nafasi yake katika sentensi. Katika mtihani utakutana na yote mawili. Shamirisho kipozi ni yambwa tendwa, yaani kitu chenyewe kilichotendwa. Shamirisho kitondo ni yambwa tendewa, yaani aliyefanyiwa tendo. Hapa nitatumia "shamirisho" tu.

Tukisema "Tumekula" bila kutaja chakula, je, kitenzi kimekuwa si elekezi?

Hapana. Kula ni kitenzi elekezi hata pale ambapo chakula hakikutajwa, kwa sababu kipo akilini mwa wote wawili, msemaji na msikilizaji. Ukitaka unaweza kukirudisha wakati wowote: tumekula ugali, tumekula omena. Kwa "tumechoka" hakuna cha kurudisha.

Kitenzi kimoja kinaweza kuwa pande zote mbili?

Kinaweza, na ndiyo maana sipendi wanafunzi wakariri orodha. Chukua kimbia. "Mwizi alikimbia" ni tendo lisiloelekea kwa mtu. "Mwizi alimkimbia askari" lina shamirisho, na unaweza kusema "Askari alikimbiwa na mwizi". Fika ni vivyo hivyo. "Mgeni alifika" hakina shamirisho, lakini "Msiba ulimfika" kinalo, na ndiko tunakopata "alifikwa na msiba". Kwa hiyo hukumu itolewe ndani ya sentensi. Kamusi inakupa mazoea ya kitenzi. Sentensi ndiyo inayokuambia kimefanya nini leo.

## Kulitafuta shamirisho

Nitalijuaje shamirisho katika sentensi ndefu?

Nina sentensi moja ninayoiandika ubaoni kila mwaka:

*Jana jioni Atieno alimkatia mteja mbuta kwa panga sokoni Kibuye.*

Anza na kitenzi, "alimkatia", kisha uliza nani alikata. Atieno. Huyo ni kiima, muweke kando. Uliza sasa: alikata nini? Mbuta. Alimkatia nani? Mteja. Maswali ya nini na nani ndiyo yanayoleta shamirisho. Maswali ya wapi, lini na vipi huleta chagizo, kwa hiyo "sokoni Kibuye" na "jana jioni" hayana nafasi katika mashindano haya.

Swali peke yake halitoshi, kama utakavyoona katika jibu linalofuata. Kwa hiyo thibitisha kwa jaribio la pili: shamirisho linaweza kuingia ndani ya kitenzi kama kiambishi. Hapa kuna -m- tayari. Ni ya nani, mteja au mbuta? Wote wawili wako katika ngeli ya A-WA, na darasa hugawanyika. Ongeza idadi ya mmoja wao uone. Wateja wakiwa wengi tunasema "aliwakatia wateja mbuta". Mbuta wakiwa wengi na mteja mmoja bado tunasema "alimkatia mteja mbuta watatu". Kiambishi kimebadilika pamoja na mteja, basi ni chake.

Jaribio la tatu ni lile la kutendwa: mpeleke mbele ya sentensi uone kama atakaa. "Mteja alikatiwa mbuta na Atieno kwa panga sokoni Kibuye jana jioni." Amekaa vizuri. Mteja ni shamirisho kitondo, mbuta ni shamirisho kipozi. Kwa nini mbuta hawezi kukaa mbele kwa urahisi huohuo, tazama swali la kupewa huko chini.

Si neno linalofuata kitenzi ndilo shamirisho?

Mara nyingi huwa ndilo, na hapo ndipo watu hunaswa. Tazama sentensi tatu ambazo jina limekaa palepale baada ya kitenzi na bado si shamirisho.

"Tulifika Kisumu." Majina ya miji hayachukui -ni, kwa hiyo Kisumu inaonekana kama kitu, wakati ni mahali. Swali lake ni "mlifika wapi?", wala husemi "Kisumu ilifikwa nasi". Ilinganishe na "Watalii wanaipenda Kisumu", ambapo mji uleule umekuwa shamirisho: kuna -i- ndani ya kitenzi, na "Kisumu inapendwa na watalii" ni Kiswahili safi.

"Wafula alikuwa mwalimu." Ukiuliza "alikuwa nani?" unapata jibu, na mwanafunzi anafurahi. Lakini mwalimu na Wafula ni mtu mmoja. Hakuna tendo lililotoka kwa mmoja likamfikia mwingine. Jina hilo ni kijalizo, na hakuna namna ya kuligeuza.

"Kitabu kiligharimu shilingi 500." Swali la "ngapi" limejibiwa, si la "nini". Hakuna anayesema shilingi zilifanywa kitu na kitabu.

Kinyume chake, mahali panaweza kuwa shamirisho pakishikwa kama kitu. "Walipanda Mlima Elgon" inageuka kuwa "Mlima Elgon ulipandwa", lakini "Walipanda mlimani" haigeuki hivyo, kwa sababu -ni imekwisha kuufanya mlima kuwa mahali.

Shamirisho linaweza kukosekana kabisa kama neno?

Linaweza kujificha ndani ya kitenzi. Katika "Walituona", shamirisho ni -tu-. Ukigeuza sentensi kama hii, kiambishi hicho hutoka katikati na kuwa kiima, lakini si kila mara kwa sura ileile. "Walituona" huwa "Tulionwa", na -ni- hubaki ni-. Lakini "Walikuona" huwa "Ulionwa", "Walimwona" huwa "Alionwa", na "Waliwaona ninyi" huwa "Mlionwa". Kwa vitu ngeli hukusaidia: "Aliupika" akimaanisha ugali ni "Ulipikwa", na "Aliyapika" ya maharagwe ni "Yalipikwa".

"Kwa panga" ni shamirisho pia?

Vitabu vyetu vingi vya sekondari huliita shamirisho ala, au kitumizi. Ukiulizwa katika mtihani liandike hivyo, usipoteze alama kwa ubishi. Ila kati yetu, panga halipiti jaribio hata moja kati ya yale mawili ya mwisho: haliingii katika kitenzi kama kiambishi, na halikai mbele kwa kutendwa. "Panga lilikatwa" maana yake panga lenyewe limekatwa vipande. Kwa hiyo ukishughulikia kutendwa, lihesabu kuwa linasafiri na chagizo.

## Kugeuza sentensi

Kwa nini lazima nijue shamirisho kabla ya kuandika kauli ya kutendwa?

Kwa sababu kutendwa ni kazi moja tu: shamirisho linapandishwa na kuwa kiima, na aliyekuwa kiima anateremshwa nyuma ya "na" au anaondolewa. Kama hakuna shamirisho, hakuna cha kupandisha. Ndiyo maana "Maji yalichemka" haigeuki kuwa "yalichemkwa".

Ukitaka kutendwa kwa kitenzi kama hicho, kwanza kipe shamirisho kwa kukisababisha. Maji yalichemka, Atieno alichemsha maji, maji yalichemshwa na Atieno. Mtoto alilala, daktari alimlaza mtoto, mtoto alilazwa hospitalini. Mti ulianguka, upepo uliangusha mti, mti uliangushwa na upepo. Kila mara -sha au -za imeleta mtu wa pili katika sentensi, na huyo wa pili ndiye aliyefungua mlango wa -w-.

-wa, -liwa, -lewa: nichague ipi?

Vitenzi vya Kibantu vyenye konsonanti kabla ya -a ya mwisho huchukua -w- tu: pika, pikwa, funga, fungwa. Vikiishia kwa -aa, -oa au -ua, -l- huingia kati: chukua, chukuliwa, zaa, zaliwa, toa, tolewa, ng'oa, ng'olewa. Vile vya kukopwa hufuata irabu yao: jibu, jibiwa, samehe, samehewa, sahau, sahauliwa. Vifupi vikaririwe tu: la ni liwa, nywa ni nywewa, pa ni pewa.

Mwalimu ameweka alama ya kosa kwenye "Mtoto alimpigwa". Kosa ni nini?

Umempandisha mtoto akawa kiima na wakati huohuo umemwacha katikati kama shamirisho. Hawezi kukalia viti viwili. "Baba alimpiga mtoto" inapogeuka, -m- huondoka: "Mtoto alipigwa na baba". Ninasahihisha kosa hili kuliko lolote jingine katika mada hii, na nadhani linatoka kwenye mazoea ya kunakili kitenzi kizima halafu kukibandika -w-. Andika kitenzi upya kuanzia mwanzo: kiima kipya, wakati uleule, mzizi, -w-.

Wakati usibadilike, na ukanushi pia usipotee. "Mama hajapika maharagwe" ni "Maharagwe hayajapikwa na mama". Amri hugeuka kuwa dhamira: "Funga mlango!" ni "Mlango ufungwe", na "Usile ugali huu" ni "Ugali huu usiliwe".

Nitumie "na" au "kwa"?

Mtendaji hubebwa na "na", kifaa hubebwa na "kwa". "Mbuta alikatwa na Atieno kwa panga." Ukisema "alikatwa na panga" umelifanya panga litende lenyewe, na hilo lina mahali pake: mtu akiteleza shambani panga likamjeruhi, "alikatwa na panga" ndiyo hasa iliyotokea.

## Pale mambo yanapokwama

Kioo kilivunjwa au kilivunjika?

Zote ni sahihi, lakini hazisemi jambo moja. Dereva wa matatu ya Kakamega akimwambia mwenye gari "kioo kimevunjika", amemweleza hali ya kioo na kunyamaza kuhusu chanzo. Akisema "kioo kimevunjwa", amekiri kuna aliyekivunja, hata kama hakumtaja. Mwenye gari akisikia -w- atauliza "na nani?", na swali hilo ni halali. Akisikia -ik- atauliza "kwa nini?" au "ilikuwaje?"

Jaribu kuongeza neno "makusudi". "Kioo kilivunjwa makusudi" inasomeka vizuri, kwa sababu kuna mtu nyuma ya pazia wa kuwa na makusudi. "Kioo kilivunjika makusudi" inakwaruza sikio. Vivyo hivyo "Kioo kilivunjika na mtoto" ni kosa: kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtendaji, hivyo "na" haina wa kumbeba. Sababu isiyo mtu huweza kuongezwa kwa "kwa": kilivunjika kwa ajali, kilivunjika kwa baridi.

Zingatia pia kwamba vunjika yenyewe ni kitenzi si elekezi. Vunja ilikuwa na shamirisho. -Ik- imelichukua ikalifanya kiima na kumfuta kabisa mtendaji. Hakuna tena cha kupandisha, na ndiyo maana huwezi kuendelea mbele ukasema "kilivunjikwa".

Anayeandika ripoti ya nidhamu au taarifa ya polisi anapaswa kuliwaza hili kabla ya kuandika. "Dirisha la bweni lilivunjika" na "Dirisha la bweni lilivunjwa" zitawapeleka wasomaji njia mbili tofauti, na mmoja wa wanafunzi anaweza kurudishwa nyumbani kwa sababu ya herufi moja.

Basi ni nimeibwa au nimeibiwa?

Nimeibiwa, ikiwa umepoteza simu. Fuata hatua. "Mwizi aliiba simu": shamirisho ni simu, na kutendwa kwake ni "Simu iliibwa". Wewe hujaingia bado. Unaingia kwa kauli ya kutendea: "Mwizi aliniibia simu". Sasa kuna mashamirisho mawili, simu iliyoibwa na wewe uliyefanyiwa. Ukipanda wewe, unapata "Niliibiwa simu na mwizi".

Kwa hiyo kilichoibwa ni simu, na aliyeibiwa ni mtu. Mwanafunzi wangu alipanda kwenye kitenzi cha simu, akajikuta yeye ndiye mzigo. Kosa la upande wa pili, "simu yangu imeibiwa", limeenea sana mitaani kiasi kwamba watu hawalisikii tena. Kwa mazungumzo silisumbui. Kwa insha ninalisahihisha, kwa sababu hiyo -i- ni kiambishi cha kutendea, na simu haikuibiwa kitu chochote.

Kwa nini "Zawadi zilipewa washindi" inahesabiwa kosa? Naisikia redioni.

Kitenzi -pa kina mashamirisho mawili daima: anayepata na kinachotolewa. Katika Kiswahili sanifu, anayepata ndiye mwenye haki ya kupanda. Dalili iko mapema: ni yeye anayekalia kiambishi cha ndani ya kitenzi. Tunasema "Mgeni rasmi aliwapa washindi zawadi", na hiyo -wa- ni ya washindi. Hakuna anayesema "alizipa washindi zawadi". Basi anayekalia kiambishi ndiye anayepanda: "Washindi walipewa zawadi na mgeni rasmi."

Ukisema "Zawadi zilipewa washindi", umezipandisha zawadi kwenye kiti cha mpokeaji, na msikilizaji makini atasikia kana kwamba zawadi ndizo zilizokabidhiwa watu. Ukitaka zawadi zianze, badilisha kitenzi: "Zawadi zilitolewa kwa washindi." Toa ina shamirisho kipozi, na washindi wanabebwa na "kwa".

Hilo ndilo jibu la mbuta wa Kibuye pia. Katika "alimkatia mteja mbuta", kiambishi ni cha mteja, hivyo "Mbuta alikatiwa mteja" haisimami. Ukitaka samaki aanze, ondoa kutendea: "Mbuta alikatwa na Atieno kwa ajili ya mteja." Shamirisho kipozi ambalo halikupanda hubaki nyuma ya kitenzi kama lilivyokuwa. Ukilihitaji mbele, litie kwenye urejeshi: zawadi walizopewa, mbuta aliokatiwa wakiwa wengi, mbuta aliyekatiwa akiwa mmoja.

Kufa ni kitenzi si elekezi. Mbona tunasema "amefiwa"?

Kwa sababu kati ya kufa na kufiwa kuna hatua inayorukwa na macho: kufia. "Mume alikufa" hakina shamirisho. "Mume alimfia" kina shamirisho, yule aliyebaki na uchungu. Huyo akipanda, tunapata "Alifiwa na mumewe". Ajabu ya kitenzi hiki ni kwamba anayekuja baada ya "na" ndiye marehemu, wala hakumtenda mtu lolote.

Mvua hufanya vivyo hivyo, na Kisumu mchana wa Aprili utaisikia kila kona. Mvua ilinyesha, mvua ilitunyeshea, tulinyeshewa. Huwezi kuruka kutoka nyesha moja kwa moja hadi "tulinyeshwa" ukamaanisha mvua imewakuta njiani. Nyeshwa si ya wanaolowa.

"Mgonjwa alipasuliwa" na "Mteja alipasuliwa samaki": hizi ni kauli moja?

Si moja, ingawa zinafanana herufi kwa herufi. Pasua huishia kwa -ua, kwa hiyo kutendwa kwake ni pasuliwa. Kutendea kwake ni pasulia, na ukiongeza -w- unapata pasuliwa tena. Kwa kata huwezi kuchanganya, kwani katwa na katiwa hutofautiana. Kwa pasua, chukua, fungua na ndugu zao, kilichobaki nyuma ya kitenzi ndicho kitakachokuambia. "Mgonjwa alipasuliwa" haina shamirisho lililosalia, hivyo mgonjwa mwenyewe ndiye aliyepasuliwa. Katika ile ya pili samaki amesalia nyuma, hivyo mteja alifanyiwa kazi ya kupasuliwa samaki. Na "Mgonjwa alipasuliwa tumbo"? Tumbo ni lake, na kisu kilimfikia yeye. Hapa nimeona walimu wawili wakibishana chai ikapoa.

Kaa ni si elekezi. Basi "nyumba haikaliwi" imetoka wapi?

Hii ndiyo sababu sisemi kwamba jaribio la kutendwa ni hukumu ya mwisho. Kiswahili huruhusu mahali papande na kuwa kiima kwa vitenzi kadhaa vya kukaa na kuingia: nyumba haikaliwi na watu, ghala liliingiwa na maji. Mahali pamechukuliwa kama kitu kilichoguswa na tendo. Kupita pia, ila pale shamirisho ni la kawaida: "Basi lilitupita" ni "Tulipitwa na basi", na ndiko kulikotoka "kupitwa na wakati".

Ukikutana na mfano wa namna hii katika zoezi, rudi kwenye jaribio la kiambishi. Watu husema "wanaikalia nyumba" kwa kutumia kutendea, wala si "wanaikaa". Hilo linakuonyesha kwamba kaa yenyewe bado ni si elekezi.

"Alijikata" inaweza kugeuzwa?

Hapana. Ji- ni shamirisho ambalo ni mtendaji yuleyule. Ukimpandisha, anakutana na nafsi yake kileleni. "Alijikatwa" haipo. Kauli ya kutendana nayo hufunga njia kwa watu: "walipigana" haina kutendwa kwa upande wao. Isipokuwa vita. "Walipigana vita" hutupatia "Vita vilipiganwa", kwa kuwa pigana imepata shamirisho jipya la kwake.

Na "kulala usingizi", "kuota ndoto"?

Hivi vinafanana kwa sura tu. Ndoto ni shamirisho halisi: niliiota ndoto hiyo, ndoto hiyo iliotwa na wengi. Usingizi haukubali: hatusemi "niliulala" wala "usingizi ulilalwa". Unaeleza namna ya kulala, kama unavyosema "alilala fofofo", na mimi huupa alama za chagizo.